TVA Isiyokudai Usiiandike

Ukiwasikiliza wenye gesti wa Kiambi, Manono au Ankoro wakizungumza kuhusu kodi, utasikia neno moja likirudiwa kana kwamba ni sheria: kodi yote ni moja, ni pesa ya Leta, ajenti akija mtaelewana. Wale wanaojiona wameelimika zaidi huongeza ushauri wao. Wanasema kila gesti inayojiheshimu iandike TVA ya 16% kwenye fakture, kwa sababu hoteli za Kalemie zinaandika na mashirika hupenda kuiona. Nasema wazi kwamba ushauri huo wa pili unamtia mwenye gesti ndogo katika deni ambalo hakuwa nalo, na lile neno la kwanza ndilo linalomzuia asilione deni hilo likija.

Bei ya chumba inaweza kubeba pesa tatu zisizofanana. Kuna mapato ya chumba, ambayo ni yako, na juu yake unatozwa kodi yako mwenyewe kama mfanyabiashara. Kuna tozo ya utalii, ambayo anayeibeba ni mgeni. Wewe unaipokea na kuipeleka. Kuna TVA, ambayo majirani zetu wa Kenya na Tanzania wanaiita VAT. Nayo inabebwa na mgeni, lakini ni mfanyabiashara aliyefikia mpaka fulani tu anayetakiwa kuikusanya. Anayezichanganya pesa hizi tatu katika droo moja hawezi kujua alichouza, na hawezi kumjibu ajenti yeyote.

Nianze na TVA, maana hapo ndipo pana hasara kubwa. Ililetwa na amri-sheria namba 10/001 ya 20 Agosti 2010, ikaanza kutumika 1 Januari 2012. Kiwango chake cha kawaida ni 16%. Sheria hiyo iliweka mpaka: anayeikusanya ni yule ambaye mauzo yake ya mwaka yanafika faranga milioni 80. Aliye chini ya hapo si mkusanyaji wa TVA. Mwaka 2013, amri-sheria namba 13/006 ya 23 Februari iliwapangia wadogo kodi yao. Mwenye mauzo yasiyozidi faranga milioni 10 kwa mwaka alipangiwa kulipa faranga 50,000 basi. Aliye kati ya milioni 10 na milioni 80 alipangiwa 1% ya mauzo kama anauza bidhaa, na 2% kama anauza huduma. Chumba ni huduma. Sheria ya fedha ya kila mwaka inaweza kugusa tarakimu hizi, kwa hiyo za mwaka wako ziombe kwa maandishi kwenye ofisi ya kodi, DGI, kabla ya kufunga hesabu.

Sasa tuchukue gesti ya mfano hapa Kiambi, karibu na mto Luvua. Ina vyumba 8, na chumba kinauzwa faranga 30,000 kwa usiku. Wageni wake ni wauza samaki na mahindi, madereva wa pikipiki wanaotoka Manono, wauguzi wa mashirika, na mara nyingine mafundi wa bwawa la umeme la Piana-Mwanga. Kwa mwaka vyumba 8 vina nafasi ya kulaza mara 2,920. Tuseme nusu yake inajaa, yaani mara 1,460. Mauzo ya vyumba ni faranga milioni 43 na laki 8. Mwenye gesti huyu ni mdogo kwa maana ya sheria. Kodi yake ya 2% ni faranga 876,000 kwa mwaka, inatoka mfukoni mwake, na hana TVA ya kumdai mgeni.

Halafu anamsikiliza mshauri. Bei haipandishi, kwa kuwa mgeni wa Kiambi hatakubali kulipa zaidi ya 30,000. Anachofanya ni kuchapa fakture mpya yenye mstari wa chini: "bei pamoja na TVA 16%". Anafikiri ameongeza heshima. Ukweli ni kwamba ndani ya zile 30,000 ametangaza kuwa mapato yake ni 25,862 na TVA ni 4,138. Mara 1,460 kwa mwaka, TVA aliyoitangaza kwa mkono wake ni zaidi ya faranga milioni 6. Na sheria haina huruma hapa: anayeandika TVA kwenye fakture anadaiwa TVA hiyo kwa sababu tu ameiandika, hata kama hakupaswa kuikusanya. Kwa mstari mmoja wa wino amejiongezea deni la karibu mara saba ya kodi yake halali. Siku mkaguzi atakapoishika nakala ya fakture kwenye mafaili ya shirika lililolala kwake, atakuwa na ushahidi wenye sahihi ya mwenye gesti mwenyewe.

Watetezi wa fakture ya TVA wana hoja mbili, na zote zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba kampuni na mashirika wanaidai TVA yao irudishwe, hivyo hawaumii. Kwa malazi si hivyo. Sheria yetu ya TVA inaziweka gharama za malazi na chakula cha hotelini miongoni mwa zile ambazo mnunuzi wa kawaida hawezi kukata TVA yake. Waliosamehewa katazo hilo ni wenye shughuli za utalii, mikahawa na burudani wenyewe. Kampuni inayowalaza mafundi wake Kiambi itaona 16% hiyo kama bei iliyopanda, na itauliza kwa nini.

Hoja ya pili ni kwamba mwenye gesti naye akiingia kwenye TVA atarudishiwa ile aliyolipa kwenye manunuzi yake. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini tuangalie manunuzi ya gesti ya Kiambi. Mishahara haina TVA. Makaa, kuni, samaki wa Luvua, kuku wa jirani, maji yanayobebwa kwa madumu, fundi wa mlango: hakuna hata mmoja wa wauzaji hao anayetoa fakture ya TVA. Magodoro na shuka zimeletwa kutoka Lubumbashi au Kalemie, mara nyingi kupitia mikono mitatu, na fakture imebaki kwa wa kwanza. Bila fakture halali hakuna cha kukata. Hoteli kubwa ya mjini inayonunua jokofu, rangi na saruji kwa muuzaji aliyesajiliwa inaweza kupunguza deni lake la TVA kwa sehemu ya maana. Gesti yetu ingepeleka karibu 16% nzima. Mtu anayewashauri wadogo wajiandikishe kwa hiari ili "warudishiwe" anachukua hesabu ya Kinshasa na kuileta mahali ambapo haina miguu.

Hapo sisemi kwamba TVA haimhusu mwenye gesti kamwe. Kuna siku itamhusu, na siku hiyo huja kimya. Tuseme kampuni inakuja kwa kazi ya umeme au ya barabara, inakodi vyumba vyote 8, inalipa dola 30 kwa kila chumba kwa usiku. Kwa dola moja kuwa faranga 2,800, kama ilivyokuwa mwaka 2024, kila siku zinaingia faranga 672,000. Katika siku 120, karibu miezi minne, gesti imeshapita milioni 80, na bado hatujahesabu chakula na vinywaji, ambavyo navyo vinaingia kwenye jumla ya mauzo. Mwenye gesti anasherehekea vyumba kujaa. Hajui kwamba amebadilika hadhi mbele ya DGI, na kwamba sasa anatakiwa kutangaza TVA kila mwezi, kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Yote basi yanategemea sentensi moja katika mkataba wake na kampuni. Kama mkataba unasema dola 30 "kodi zote ndani", TVA inatoka ndani ya hizo 30: mapato ya chumba yanakuwa dola 25.86, na dola 4.14 ni za Leta. Kwa vyumba 8 ni dola 33 kila siku, karibu dola elfu moja kwa mwezi zinazoondoka kwenye faida ambayo alishaipangia bati na kisima. Kama mkataba unasema dola 30 "bila kodi", kampuni inalipa dola 34.80 siku TVA inapoanza, na mwenye gesti anabaki na 30 zake. Mkataba wa namna hiyo husainiwa mara moja, mara nyingi juu ya meza ya baa, na watu wa kampuni wanajua vizuri tofauti ya maneno hayo. Mwenye gesti naye anatakiwa aijue.

Mpaka wenyewe ni dhuluma inayokua kila faranga inaposhuka, na hapa lawama yangu inahama kutoka kwa wenye gesti kwenda kwa watunga sheria. Ulipowekwa mwaka 2010, dola moja ilikuwa kama faranga 900. Milioni 80 zilikuwa karibu dola 89,000. Kwa dola ya 2,800, milioni 80 zilezile ni kama dola 28,500. Faranga imeshuka, mpaka umeandikwa kwa faranga, na kwa sababu hiyo tu mtu ambaye hajaongeza chumba hata kimoja anasukumwa kuelekea kundi la wakubwa. Ule mpaka wa chini wa milioni 10, ambao mwaka 2013 ulikuwa karibu dola 11,000, kwa dola hiyo ya 2,800 umeshuka hadi kama dola 3,600. Gesti ya vyumba vitatu inaupita. Tanzania, ambayo sarafu yake haikuporomoka kama yetu, iliupandisha mpaka wake wa VAT kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kuanzia Julai 2023. Wabunge wetu wanaotoka Tanganyika wana jambo la kudai hapo lisilohitaji hata faranga moja ya bajeti.

Tozo ya utalii inafuata njia nyingine kabisa. Kongo ina Mfuko wa Kukuza Utalii, unaoitwa FPT, unaochangiwa kupitia hoteli, mikahawa na safari. Wenye gesti wa Kiambi hucheka wakiusikia: utalii gani hapa, wakati mgeni wetu ni muuza samaki? Kicheko hicho kinaeleweka, lakini si utetezi. Tozo ya aina hii hufuata kitanda na bili. Haiulizi mgeni amekuja kuangalia maporomoko ya mto au kununua mahindi. Wala haiangalii kama umefikia mpaka wa TVA. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Kenya, ambako tozo ya utalii ni 2% na VAT ni 16%, na mpaka wa kujiandikisha VAT ni shilingi milioni 5 kwa mwaka. Aliye chini ya mpaka huo haandiki VAT, lakini hiyo peke yake haimwondolei tozo.

Mfano huo wa Kenya unafundisha pia namna ya kugawa bili. Chumba kinauzwa shilingi 3,540, kila kitu ndani. Kwa kuwa VAT na tozo zote zinahesabiwa juu ya bei halisi ya chumba, unagawa 3,540 kwa 1.18 na kupata 3,000. VAT ni 480, tozo ni 60. Kosa la kawaida ni kuchukua 16% ya 3,540 nzima, ambayo ni shilingi 566. Anayefanya hivyo analipa kodi juu ya kodi, shilingi 86 za bure kwa kila usiku. Ukiona kitabu ambacho mapato ya chumba, tozo na VAT vikijumlishwa havirudi kwenye bei aliyolipa mgeni, ujue kosa ni hilo.

Kwetu, kiwango cha tozo na bei inayohesabiwa juu yake visomwe kwenye maandishi, visipokelewe kutoka kinywani mwa mtu aliyeshuka kwenye pikipiki na kitabu cha risiti. Na hapa narudi kwenye lile neno la "tutaelewana". Tangu 13 Machi 2018 kuna amri-sheria mbili zinazoorodhesha ushuru na tozo: namba 18/003 kwa zile za serikali kuu, na namba 18/004 kwa zile za majimbo na tawala ndogo za chini yake. Tozo ambayo haimo katika orodha haina msingi wa kudaiwa. Iliyomo ina ofisi yake na hatua zake: inahesabiwa, inaandikiwa hati ya malipo yenye namba, jina lako, sababu na kiasi, kisha inalipwa kwenye akaunti ya serikali na wewe unabaki na uthibitisho wa benki. Pesa uliyompa ajenti mkononi baada ya kuelewana haijalipa chochote. Mwenzake atakuja mwezi ujao, atafungua faili, hatakuta kitu, na deni litaanza upya pamoja na faini.

Najua wenye gesti watajibu nini, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi: ajenti ni wengi, benki iko mbali, barabara ya kuipelekea pesa ni mbaya, na mtu akiandika kitabu cha kweli anawapa silaha ya kumpigia. Malalamiko matatu ya kwanza ni ya haki kabisa. Leta inayotaka hati ipite benki ilipaswa kuweka mahali pa kulipia ambapo mtu wa Kiambi anafika bila kutumia kwenye nauli zaidi ya kodi yenyewe. Kwa hilo nasimama nao. Kwa la nne siwezi, maana hesabu inasema kinyume.

Mkaguzi asipokuta kitabu, sheria inamruhusu kukadiria. Atafanya kama ambavyo ningefanya mimi nikiwa sina kitu kingine mkononi: atahesabu milango, atauliza bei, atazidisha kwa siku za mwaka. Vyumba 8, faranga 30,000, siku 365. Jibu ni faranga milioni 87 na laki 6. Tazama tarakimu hiyo vizuri. Gesti iliyouza milioni 43 na laki 8 imepandishwa juu ya mpaka wa milioni 80 kwa kukadiriwa, na sasa inadaiwa TVA ambayo hakuna mgeni hata mmoja aliyeilipa. Kilichoipandisha ni zile siku ambazo vyumba vilikuwa vitupu na hakuna aliyeziandika.

Ndiyo maana kitabu cha gesti kinachofaa si kile cha majina ya wageni peke yake, ambacho wengi tayari wanacho kwa ajili ya polisi na uhamiaji. Kila usiku chumba kinatakiwa kiwe na mstari wake, kiwe na mgeni au kisiwe naye. Kikiwa kitupu, andika kitupu. Kikiwa na mgeni, andika bei, pesa iliyopokelewa, kama ilikuwa faranga au dola, na kama ni dola, kiwango cha kubadilishia cha siku hiyo. Tozo ya mgeni iwe na safu yake pembeni, isiingie kwenye mapato, na pesa yake isikae kwenye droo ya kununulia mafuta ya jenereta. Chakula na vinywaji viwe na ukurasa wao. Mwisho wa mwezi jumlisha tangu Januari, uone umebakiza kiasi gani kufika mpaka. Mkaguzi makini atakipima kitabu hicho kwa vitu vingine: shuka zilizofuliwa, sabuni iliyonunuliwa, lita za jenereta. Kama gesti inadai kulaza watu kumi kwa wiki na imefua shuka hamsini, kitabu kimejishtaki. Kama vinalingana, makadirio ya milango mara siku 365 hayana pa kusimama.

Kwa wenye gesti, basi, nina maombi mawili ya wiki hii. Ondoeni mstari wa TVA kwenye fakture zenu mpaka DGI iwaandikie kwamba mnatakiwa kuikusanya. Na mkataba wa kampuni utakaowekwa mezani, msiusaini kabla maneno "bila kodi" hayajaandikwa pembeni ya bei. Kwa wakubwa wa jimbo kule Kalemie ninaomba moja tu: bandikeni orodha ya tozo za malazi, viwango vyake na ofisi zake, kwenye ukuta wa ofisi ya kila eneo na kila sekta, Kiambi ikiwemo, ili mwenye gesti aweze kuisoma kabla ajenti hajabisha hodi.